Nimeendesha baiskeli kilomita 20 zote saa ikiandika niko T2, nisaidieni kusoma hii faili

roysambu_pedali · Jumapili, saa 2:10 usiku

Wadau habari za jioni. Naomba mnisaidie kusoma hii kitu, nimeiangalia tangu mchana na sijaielewa. Niko na saa ya Garmin Forerunner 255, niliipata kwa mtu mwaka jana na inafanya kazi vizuri tu. Leo asubuhi nilijaribu kuunganisha zote tatu za triathlon kwa mara ya kwanza, umbali wa sprinti kamili, yaani mita 750 kwa bwawa la mita 50, halafu kilomita 20 za baiskeli kwa Northern Bypass, kumi kwenda kumi kurudi, halafu kilomita 5 za mbio. Niko na mbio ya kweli kule pwani baada ya wiki saba kwa hivyo nilitaka nizoee saa mapema, nisikuje kuhangaika na batani siku yenyewe.

Nilitengeneza profaili yangu mwenyewe. Nilifinya START, nikaenda Add, Multisport, nikachagua Pool Swim, Bike na Run, na transishoni, yaani T1 ya kutoka maji kwenda baiskeli na T2 ya kutoka baiskeli kwenda mbio, nikaziacha zimewashwa kwa sababu nilitaka kujua nachukua muda gani kubadilisha nguo na viatu. Kila kitu kikaanza poa. Nikagusa ukuta mara ya mwisho nikafinya batani ya chini kulia, ile ya Lap, nikatoka, nikakimbia kwa baiskeli, nikavaa, nikatoka getini, nikafinya tena nikapanda. Kumaliza baiskeli nikafinya, nikaweka baiskeli, nikavaa raba. Nataka kufinya ya mwisho niende mbio naona saa tayari imeandika Run na dakika inahesabu. Nikaiacha tu nikakimbia.

Sasa kuangalia kwa simu nikapata hivi:

Kuogelea 17:05
T1 0:04
Baiskeli 2:20, umbali kilomita 0.18
T2 41:30
Mbio 29:40

Jumla 1:30:39, na hiyo jumla ni sawa kabisa na muda niliotumia. Ila baiskeli yangu yote iko ndani ya T2. Spidi hakuna, kila kitu cha baiskeli hakuna, njiani nilikuwa naona tu dakika zinahesabu nikadhani labda ni ukurasa wa kwanza wa baiskeli sijaupanga vizuri. Ni saa imeharibika ama ni mimi?

---

BaisikeliKwanza · saa 2:24 usiku

Pole bana. Hiyo ni GPS. Ulikuwa ndani ya bwawa na hapo saa haishiki setilaiti, kutoka nje ikawa bado inatafuta, ndiyo maana baiskeli imeandika kilomita 0.18 peke yake halafu ikachoka ikaingia T2. Mimi yangu ilinifanyia hivyo pia, kilomita ya kwanza ya baiskeli ilikuja mstari umenyooka kama rula ukipita juu ya nyumba za watu. Siku nyingine simama nje kwanza mpaka ishike.

---

mama_wa_karura · saa 2:31 usiku

Kubadilisha haraka kunahitaji mazoezi ya mikono kaka. Mimi nilikuwa nachukua karibu dakika nne T1 mpaka nikatoa kamba za kawaida kwa raba nikaweka za elastiki, soksi nikaacha kabisa kwa sprinti, na ndani ya viatu napaka poda kidogo mguu mbichi uingie bila kuvutana. Helmeti naiweka juu ya hendo kichwa chini mikanda imefunguka nje, miwani ndani yake. Na usisahau kwa mbio unafunga helmeti kidevuni kabla hujagusa baiskeli, ukigusa kwanza unapewa adhabu. Sasa niko dakika mbili hivi. Jaribu hizo utaona.

---

roysambu_pedali · saa 2:40 usiku

Asante mama, hizo za elastiki nitatafuta hii wiki, na poda sikuwa nimefikiria. Lakini shida yangu ya leo ni ya saa yenyewe, mikono ilikuwa sawa.

BaisikeliKwanza, ramani iko. Hapo kwa T2 ukifungua unaona njia yote ya bypass mpaka pale niligeukia, kona kwa kona. Kwa hivyo GPS ilikuwa imeshika.

---

kocha_wa_maji · saa 3:15 usiku

Jioni njema. Saa yako haijaharibika. Hebu tuhesabu kitu kimoja kwanza halafu nikuulize maswali.

Faili yako ina vipande vitano. Vipande vitano maana yake kuna mabadiliko manne katikati, na kwa hiyo profaili yako saa haibadiliki hata mara moja bila Lap kufinywa. Sasa soma ulichoandika mwenyewe. Ulifinya ukutani, ukafinya ukipanda baiskeli, ukafinya ukishuka. Ya mwisho hukufinya kwa sababu ulikuta Run tayari. Hizo ni mara tatu. Faili inasema nne. Kuna moja imefinywa na si kidole chako.

Na tunajua iko wapi kwa sababu T1 ni sekunde 4. Kwa hivyo ulifinya ukutani ikaingia T1, sekunde nne baadaye kitu kikafinya tena ikaingia baiskeli. Ile dakika 2:20 na mita 180 ni wewe unakimbia kwa miguu kutoka bwawani mpaka getini na helmeti. Ulipofinya ukipanda, wewe ukidhani unaanza baiskeli, saa ndiyo ilikuwa inamaliza baiskeli na kuingia T2. Kutoka hapo kila ukifinya saa iko hatua moja mbele yako, na ndiyo maana kumaliza ukakuta Run inakungoja.

Swali langu ni hili. Ulitoka kwa maji vipi? Ngazi ama uliruka juu kwa ukuta? Na saa unavaa mkono gani?

---

roysambu_pedali · saa 3:22 usiku

Mkono wa kushoto. Na nilitoka kwa ukuta kocha, nilitaka kuokoa muda, ngazi ilikuwa mbali kama leni tatu. Nilifinya, nikavua miwani nikaitupa juu, nikaweka viganja viwili kwa ukingo nikajisukuma juu.

---

kocha_wa_maji · saa 3:37 usiku

Basi jibu ndilo hilo. Fanya sasa hivi hapo ulipokaa. Vaa saa vile ulikuwa umevaa asubuhi, weka kiganja cha kushoto mezani, inuka ukijibebea uzito wako juu ya huo mkono kana kwamba unatoka bwawani. Angalia nyuma ya kiganja inavyokunjika ikirudi kwa saa. Kwa mkono wa kushoto batani za upande wa kulia ndizo zinaangalia vidole, juu START, chini Lap. Kiganja kikikunjwa kabisa ile nyama na mfupa wa nyuma ya mkono inakuja kufinya upande huo. Nimeona hiyo kitu na wanafunzi wangu mara nyingi sana na karibu wote wanakuja wakisema saa imekufa. Unapata T1 ya sekunde 3, sekunde 5, sekunde 4, hiyo ni alama yake. Ukiona T1 ya namna hiyo usitafute shida kwa setilaiti, uliza mtu alitokaje kwa maji.

Ilikuwa bahati hukugonga START, hiyo ingesimamisha kila kitu na ungepoteza hata jumla.

Baharini haitakupata hivyo kwa sababu unatoka ukitembea kwa mchanga. Lakini baharini kuna mikono ya watu wengine, pale kwa boya la kwanza mnapokunja pamoja mnagongana, na kuna baiskeli. Ukishika hendo la kukunja kule chini, ama ukisimama juu ya pedali kwa mlima ukiegemea mbele, kiganja kinakunjika vilevile. Nimeshaona faili ya mtu ambaye mbio zake zilianza katikati ya mlima akiwa bado juu ya baiskeli.

---

roysambu_pedali · saa 3:44 usiku

Kocha. Nimefanya hapa kwa meza ya jikoni. Mara ya pili tu saa imetetemeka.

---

zimamoto_tri · saa 3:58 usiku

Suluhisho ni kuzima transishoni, mambo kwisha. Fungua hiyo profaili yako, shikilia UP iingie setingi, zima transishoni. Sasa unabaki na kufinya mara mbili peke yake, kutoka maji kwenda baiskeli, kutoka baiskeli kwenda mbio. Ukipunguza kufinya unapunguza makosa. Mimi sijawahi kuziwasha tangu nianze.

---

kocha_wa_maji · saa 4:10 usiku

Zimamoto uko sawa nusu. Mara mbili ni rahisi kukumbuka kuliko nne, hasa ukiwa umechoka na pumzi iko juu. Lakini kiganja chake kingefinya vilevile pale ukutani, na bila transishoni ingetoka kuogelea ikaenda baiskeli halafu sekunde nne baadaye mbio. Angeendesha kilomita 20 saa ikihesabu ni mbio. Hapo uharibifu ni mkubwa zaidi, rekodi zake zote za mbio zingeingia takataka, mtu wa Roysambu amekimbia kilomita 5 kwa dakika kumi na kidogo.

Jambo la pili, ukizizima ule muda wa kubadilisha hauendi popote, lazima uingie kwa kipande fulani, na wewe ndiye unaamua kiingie wapi kwa mahali unapofinya. Chukua hesabu zake za leo. Aliogelea 17:05, akakaa kama dakika mbili na nusu mpaka kupanda, akaendesha kilomita 20 kwa 41:30, hiyo ni kama kilomita 28.9 kwa saa. Akifinya akitoka majini, dakika mbili na nusu zinaingia kwa baiskeli, inakuwa 44:00, na wastani unashuka mpaka 27.3. Akingoja afinye akipanda, zinaingia kwa kuogelea, na kuogelea kwake ambako kulikuwa dakika 2 na sekunde 17 kwa kila mita 100 kunakuwa dakika 2 na sekunde 37. Mtu akiona hiyo 2:37 atadhani ameogelea vibaya sana na ataenda kubadilisha mazoezi yake bila sababu. Kwa hivyo ukizima, afadhali ufinye ukitoka majini, baiskeli ibebe huo mzigo. Kilomita moja na nusu kwa saa unaweza kuielezea.

Mimi huwaacha wanaoanza waziwashe, kwa sababu T1 na T2 ndiyo mahali mtu anayeanza anapata dakika za bure, na huwezi kupunguza kitu usichokipima.

---

zimamoto_tri · saa 4:16 usiku

Sawa hapo kwa kiganja umeniweza kocha. Lakini bado nitaendelea kuzizima, muda wa T1 napata kwa chipu ya mguuni siku ya mbio na hiyo ndiyo ya halali. Saa ni yangu mwenyewe ya kuniongoza tu.

---

Dereva_Kahawa · saa 4:30 usiku

Naingilia na kisa changu. Mimi niko na saa ya kampuni nyingine, inabadilisha yenyewe bila kufinya, inahisi mwendo wa mkono na kujua sasa umeacha kuogelea unakimbia, sasa uko juu ya baiskeli. Nilipenda sana hiyo wazo mpaka siku tulifanya zoezi na kikundi. Kutoka majini kwenda baiskeli ilishika vizuri. Lakini njiani nikapata pancha, nikashuka nikasukuma baiskeli kama mita 400 kutafuta mahali salama pembeni ya barabara. Ikaona mtu anatembea miguu, mikono haiko kwa hendo, ikaamua nimeanza mbio. Nimeziba pancha nimepanda tena, sasa kurudi kwa baiskeli nitarudi vipi? Ilikuwa imeshapita.

Na hata ikishika vizuri haishiki papo hapo, inangoja kidogo iwe na uhakika. Kwa sprinti huo ungojaji unaonekana.

---

mama_wa_karura · saa 4:41 usiku

Kwani hata hiyo ya kwetu si iko na Auto Sport Change? Niliona kwa setingi ya yangu, yangu ni 955.

---

kocha_wa_maji · saa 4:52 usiku

Iko mama, na kwa mtu ambaye anasahau kufinya kabisa inasaidia. Ila kisa cha Dereva ndicho sababu siitumii kwa mazoezi ya barabara za hapa, huku unashuka unasukuma mara kwa mara, mataa, matuta, ng'ombe wa mtu. Kwa mbio iliyofungwa barabara naweza kuifikiria.

---

roysambu_pedali · saa 5:05 usiku

Sasa naomba mnipe njia. Nikiendelea kutoka kwa ukuta nifanye nini na saa? Na ile baiskeli ya leo naweza kuitoa T2 niiweke mahali pake? Nataka ihesabike kwa wiki yangu.

---

BaisikeliKwanza · Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Ya kubadilisha ni rahisi. Fungua kwa apu, kile kipande, nenda kwa kuhariri, badilisha aina ya mchezo iwe Cycling. Nimefanya hivyo na mbio zangu zilizoandikwa kutembea.

---

roysambu_pedali · saa 1:15 asubuhi

Nimejaribu. Kwa shughuli ya kawaida hiyo sehemu iko, lakini kwa hiki kipande cha T2 sioni pa kubadilisha. Strava nayo imeleta vipande vitatu, kuogelea, baiskeli ya mita 180, na mbio. T2 haikuja kabisa. Kwa hivyo kule inaonekana sikuendesha.

---

faili_safi · saa 2:05 asubuhi

Hapo unahitaji kuifungua faili yenyewe. Ipakue kwa kompyuta, faili asili ya FIT, kuna programu za kuhariri hizo faili, unahamisha mpaka wa vipande. Ndani ya faili kila kipande kina alama ya pale kinapoanza na pale kinapoisha na aina ya mchezo, ukibadilisha hizo alama na jina, data ya chini yake, mapigo ya moyo, ramani, dakika, yote iko pale haijaguswa. Nimeshafanya ya rafiki yangu mara moja. Ilinichukua jioni nzima lakini ikakubali.

---

kocha_wa_maji · saa 2:30 asubuhi

Mimi siwezi kumshauri mtu anayeanza aingie huko. Ukikosea mpangilio faili inakataa kupanda na usipoweka nakala ya asili umepoteza yote. Kwa wiki moja ya mazoezi andika tu baiskeli kwa mkono, kilomita 20, dakika 41:30, na ile ya mita 180 ifute kule Strava. Mapigo ya moyo hutakuwa nayo lakini mzigo wa wiki utakaribiana.

---

faili_safi · saa 2:38 asubuhi

Kuandika kwa mkono kunaharibu hesabu upande wa pili kocha. Kwa saa yake ule mzigo tayari umehesabiwa ndani ya jumla ya multisport, akiongeza tena baiskeli kwa mkono kule kule umehesabiwa mara mbili.

---

kocha_wa_maji · saa 2:46 asubuhi

Kwa Strava pekee nimesema. Kwa apu ya saa aache kama ilivyo.

---

faili_safi · saa 2:50 asubuhi

Hapo sawa. Bado mimi ningehariri faili.

---

kocha_wa_maji · saa 7:20 mchana

Roysambu, nirudi kwa swali la ukuta, nilikuwa na darasa asubuhi.

Njia ya kwanza haina gharama, badilisha mahali pa kufinya. Usifinye ukutani ukiwa bado majini. Toka kwanza, simama kwa miguu miwili, halafu finya. Unapoteza sekunde tatu nne kwa kuogelea lakini ukijisukuma juu na kiganja kikifinya yenyewe, utakuta imeingia T1, na ukisimama angalia skrini kabla ya kugusa chochote. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanaruka. Mtu anafinya, hajahisi mtetemo kwa sababu mkono umekufa ganzi na maji na moyo unapiga, anafinya tena kwa uhakika. Ukiwa na shaka soma, usifinye. Jina la kipande liko pale.

Njia ya pili, vaa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kulia zile batani mbili za kulia zinaangalia kiwiko, na kiwiko hakikunjiki kuja kwa saa. Zinazoangalia kiganja zinakuwa za kushoto, na hizo zikiguswa kwa bahati mbaya zinakubadilishia ukurasa ama kuwasha taa, hakuna kipande kinachoisha. Kwa setingi za mtumiaji mwambie saa kwamba umehamia mkono wa kulia. Ukifanya hivyo fanya wiki zote saba, usihame siku ya mbio, kidole chako kina mazoea yake.

Njia ya tatu, panda nayo juu ya mkono, vidole viwili juu ya ule mfupa wa kifundo, na ukaze tundu moja zaidi. Hii inasaidia pia ile taa ya mapigo ya moyo isicheze na maji, ingawa kwenye kuogelea mimi siiamini sana hata hivyo.

Na kuna kufunga batani. Kwa setingi za multisport kuna Lock Device, inafunga mpaka ushikilie batani kufungua. Inazuia kila kitu nilichotaja. Lakini sasa kila badiliko linakuwa vitendo viwili, kufungua halafu kufinya, na kufungua ni kwa kushikilia, na wewe unakimbia na baiskeli mkononi. Kwa mbio ndefu ya kilomita 90 za baiskeli ningefunga. Kwa sprinti sifungi.

---

Dereva_Kahawa · saa 7:41 mchana

Na baiskeli, mnafinya wapi? Kabla ya mstari wa kupandia ama baada?

---

zimamoto_tri · saa 7:48 mchana

Kabla. Mimi nikiwa nasukuma baiskeli nafika kama mita kumi kabla ya mstari nafinya, halafu mikono yote inakuwa huru kupanda. Saa yangu iko kushoto, mkono wa kulia umeshika kiti cha baiskeli, nauachilia sekunde moja.

---

mama_wa_karura · saa 7:55 mchana

Mimi siwezi kuachilia kiti, baiskeli itaniangukia na watu wako nyuma. Nafinya baada, nikishapanda na miguu imeingia na barabara imenyooka, labda mita mia mbele. Wale mita mia wanaingia T1 lakini sijali, roho yangu iko salama.

---

kocha_wa_maji · saa 8:02 mchana

Wote wawili wanamaliza salama. Ninachotaka mtu asifanye ni kufinya akiwa juu ya mstari wenyewe mguu mmoja hewani. Nimeokota watu pale.

---

roysambu_pedali · Ijumaa, saa 1:30 usiku

Nimerudi na majibu. Jana nilikuwa bwawani mapema kabla watu hawajajaa nikaamua nijue kwa kweli. Nilianzisha ile profaili, nikawa natoka kwa ukuta mara kumi kwa kila namna, bila kugusa batani na kidole.

Saa mkono wa kushoto pale pale navaa siku zote, karibu kabisa na kiganja, ilibadilika mara nne kwa kumi. Mara moja ilikuwa START, ikasimama. Nikaipandisha vidole viwili juu ya mfupa na kukaza, mara kumi bila kubadilika. Nikahamisha kulia, mara kumi bila kubadilika, ila ukurasa ulihama mara mbili tu, vile kocha alisema.

Nimechagua kubaki kushoto, juu ya mfupa, kwa sababu kulia nilikuwa natafuta batani na kidole gumba kama mtu anatafuta swichi gizani. Leo nikarudia zoezi lote, fupi kidogo, mita 500, kilomita 15, kilomita 3. Nilitoka, nikasimama, nikasoma, nikafinya. Kuogelea 11:20, T1 2:05, baiskeli 31:10, T2 1:12, mbio 16:30. Vipande vitano, kila kimoja kwa jina lake.

GPS pia nilifuata ya BaisikeliKwanza. Kabla ya kuingia bwawani nilisimama nje nikafungua profaili ya kukimbia, nikangoja ishike, nikatoka bila kuianzisha, nikaingia kwa multisport. Nilipopanda baiskeli ramani ilianza getini kabisa.

Swali moja limebaki. Kule pwani ni Open Water. Nikibadilisha Pool Swim niweke hiyo, na pale kwa mchanga maji yakiwa kwa magoti watu wengine wanakimbia, wengine bado wanaogelea, nafinya wapi? Nikisimama tu, ama nikifika kwa mkeka wa chipu?

---

zimamoto_tri · saa 1:52 usiku

Ukisimama. Usingoje mkeka, unaweza kuwa juu kabisa karibu na baiskeli.

---

kocha_wa_maji · saa 2:20 usiku

Kwa mkeka mimi, ili T1 yako ilingane na ya chipu ukizilinganisha nyumbani. Lakini nenda siku moja kabla uone mkeka umewekwa wapi. Ukiwa mbali na maji, fuata ya zimamoto. Na tengeneza profaili mpya ya pwani, uiache hii ya bwawa kama ilivyo, halafu uifungue mapema siku ya mbio usome jina la kipande cha kwanza. Ukiingia baharini na Pool Swim itahesabu mita 50 kila ikihisi umegeuka, na baharini hakuna ukuta wa kugeukia.

---

roysambu_pedali · saa 2:26 usiku

Nimetengeneza. Nimeiita Pwani.